Seva inayoganda saa sita mchana, Jumanne mpaka Ijumaa

*"Jambo sana mukubwa. Ofisi yetu ya wakala wa forodha hapa Lubumbashi ina seva ndogo kwa Amazon, aina ya t2.small. Ilikwenda muzuri mwaka mzima. Miezi miwili iliyopita tuliongeza programu inayosoma maandishi kwenye makaratasi ya malori tunayoskani. Tangu hapo Jumatatu kazi inakwenda, lakini Jumanne mpaka Ijumaa, ikifika saa sita mchana, kila kitu kinaganda. Grafu inasema prosesa iko kwenye 20% tu. Nikizima seva na kuiwasha inapona kama dakika arobaini, kisha inarudia. Mtu wa interneti anaapa koneksio ni nzima. Je, tumeingiliwa ao tunaibiwa?"*

Ndugu yangu, mtu wa interneti amekuambia kweli, na sioni dalili ya wezi. Jibu umeliandika wewe mwenyewe bila kujua, pale uliposema grafu inaonyesha 20%. Haiwi 17, haiwi 23. Namba hiyo ndiyo kiwango cha msingi cha t2.small, yaani sehemu ya prosesa unayoruhusiwa kutumia mfululizo, mchana na usiku, mwezi mzima. Seva yako haijapumzika kwenye 20%. Imebanwa hapo.

Mashine za familia ya T, ambazo Amazon walianza kutoa kizazi chake cha T2 mwaka 2014, huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu hulipii prosesa nzima. Unalipia kipande chake, pamoja na ruhusa ya kuchukua prosesa yote kwa muda mfupi pale kazi inapopanda. Ruhusa hiyo inapimwa kwa krediti. Krediti 1 ni prosesa moja kufanya kazi kwa nguvu zote kwa dakika 1. Ukitumia nusu ya prosesa kwa dakika 2, umetumia pia krediti 1. Mashine ya t2.small ina prosesa moja na inapokea krediti 12 kila saa. Dakika 12 kati ya 60 ndiyo hiyo 20%.

Sisi wa Lubumbashi tunaoishi na delestaji, umeme unaokatwa kila mara, tunaweza kuelewa jambo hili haraka kuliko wengi. Fikiria nyumba yenye paneli ndogo ya jua na batri. Paneli inaleta kidogo kidogo bila kukoma. Ukiwasha balbu mbili tu, kinachobaki kinaingia kwenye batri. Ukichomeka pasi, batri inatoa ile nguvu ambayo paneli haina, na nguo zinanyooka vizuri kabisa. Lakini ukipiga pasi asubuhi yote, batri inaisha, na hapo unabaki na kile paneli inacholeta kwa dakika ile. Krediti 12 kwa saa ndiyo paneli yako. Batri yako haipiti krediti 288, yaani kipato cha saa 24. Ikijaa, zinazoendelea kuingia zinapotea.

Sasa tuweke hesabu kwenye wiki yenu. Nitakisia mambo mawili ambayo utayahakikisha kwenye grafu yako. Kwanza, asubuhi kabla ya kuganda seva inatumia kama 70% ya prosesa, kwa sababu kusoma maandishi ndani ya picha ni kazi inayotafuna prosesa bila kupumua. Pili, usiku inatumia 5%. Nachukulia pia kwamba mnafanya kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na kwamba Jumamosi na Jumapili mnafunga.

Mchana, 70% ya saa moja ni krediti 42. Zinaingia 12, kwa hiyo batri inapungua krediti 30 kila saa. Usiku, 5% ni krediti 3 kwa saa. Zinaingia 12, batri inaongezeka 9. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi kuna saa 62, muda wa kutosha kabisa kujaza krediti zote 288. Basi Jumatatu mnaanza mmejaa. Gawanya 288 kwa 30, unapata saa 9 na dakika 36. Krediti zinaisha saa 11:36 jioni, watu wakiwa wanafunga makabrasha, na hakuna anayegundua. Usiku wa Jumatatu una saa 14 tu, kila saa krediti 9, jumla 126. Jumanne mnaanza na 126 badala ya 288. Gawanya kwa 30, unapata saa 4 na dakika 12. Saa 2 asubuhi jumlisha hapo ni saa 6:12 mchana.

Ndiyo maana Jumatatu yenu ni nzuri na siku nyingine zinakufa katikati. Ndiyo maana pia mwaka wa kwanza hamkuona kitu. Ukurasa wa kawaida wa kuingiza majina ya malori haufikii 20%, hivyo mlikuwa mnaishi kwa paneli na batri haikuguswa. Programu mpya haina kosa. Imebadilisha aina ya mzigo tu, kutoka mzigo wa kupanda na kushuka kuwa mzigo wa kudumu, na mashine hii haikutengenezwa kwa mzigo wa kudumu.

Utaniuliza: kama prosesa imepungua kutoka 70% hadi 20%, si ingekuwa polepole mara tatu na nusu tu? Kwa nini inaganda kabisa? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Makaratasi hayajui kwamba krediti zimeisha, yanaendelea kufika kwa kasi ileile. Kila saa inaleta kazi ya dakika 42 za prosesa, na mashine inaweza kumaliza dakika 12. Dakika 30 zinabaki kwenye foleni. Saa inayofuata zinaongezeka nyingine 30. Anayeskani karatasi saa 7 hasubiri mara tatu na nusu, anasubiri foleni yote iliyo mbele yake. Kisha anaona ukurasa haufunguki, anabonyeza tena, na kazi ileile inaingia mara ya pili. Kama mbele ya programu yenu kuna nginx, programu inayopokea maombi ya wafanyakazi na kuyapitisha, yenye mipangilio ya kawaida, baada ya sekunde 60 bila jibu inakata na kuandika 504, yaani kosa la jibu lililochelewa. Kwa mfanyakazi aliye mbele ya kioo, hiyo seva imekufa.

Na kuna jambo moja ninaloliona ndani ya maelezo yako. Kama kazi zote zilizokwama zingehifadhiwa, seva ingezitafuna usiku kucha kwenye 20%, isiweke akiba hata krediti moja, na Jumatano mngeganda tangu asubuhi. Kwa kuwa mnaganda saa sita kila siku, makaratasi yaliyokwama mchana yanatupwa. Tafadhali mwangalie kama kuna faili za malori ya mchana ambazo hazikusomwa kamwe. Hilo linanihangaisha kuliko polepole yenyewe, maana karatasi inayokosekana Kasumbalesa ni lori linalolala mpakani.

Kuhusu kuzima na kuwasha: haikuponyi. Mashine za T2 zinapewa krediti 30 za kuanzia kila zinapowashwa baada ya kuzimwa. Ukiwasha na foleni inasubiri, prosesa inakwenda kwa nguvu zote, krediti 60 kwa saa. Toa 12 zinazoingia, unapoteza 48. Krediti 30 zinakwisha ndani ya dakika 37 au 38. Wewe umesema kama dakika arobaini. Lakini upande wa pili wa kitendo hicho ni mbaya: T2 ikizimwa, krediti zote ilizoweka zinafutika. Nilihudumia ofisi moja ya Goma iliyokuwa ikizima seva kila jioni ili kupunguza bili. Kila asubuhi ilianza na krediti 30 tu, na kila asubuhi walilalamika. Nilichelewa wiki nzima kuwauliza seva inalala wapi usiku, nikawa napekua hifadhidata yao bure. Ukiianzisha upya bila kuizima, yaani kwa amri ya `reboot`, krediti hazifutiki, lakini pia hupewi mpya.

Sasa usiniamini kwa maneno. Kesho ikiganda, ingia kwenye seva kwa ssh, andika `top`, na utazame mstari wa prosesa juu. Nategemea uone kitu kama hiki:

```
%Cpu(s): 19.8 us, 1.2 sy, 0.0 ni, 0.0 id, 0.0 wa, 0.0 hi, 0.0 si, 79.0 st
```

Tazama `id`, muda wa kukaa bure. Ni sifuri. Mashine haina nafasi hata kidogo. Kisha tazama `st` mwishoni: huo ni muda ambao seva yako ilikuwa na kazi, ikaomba prosesa, ikanyimwa. Kifupi hicho kinatoka kwenye neno la Kiingereza `steal`, kuiba, na najua kitakurudisha kwenye swali lako la mwisho. Hapa hakuna wizi, ni mkataba uleule wa 20% unaotekelezwa. Grafu uliyotazama, ya CloudWatch, chombo cha vipimo cha Amazon, inapima kwa nje, prosesa uliyopewa. `top` inakuonyesha kwa ndani, pamoja na uliyonyimwa. Ndiyo maana grafu moja ilikuambia kuna nafasi wakati hakuna.

Halafu fungua CloudWatch na utafute kipimo kinachoitwa `CPUCreditBalance`, ukitazame kwa wiki mbili nzima. Unatakiwa kuona mlima mkubwa Jumatatu asubuhi, kisha vilima vidogo siku zinazofuata, kila kimoja kikianguka hadi sifuri mchana. Angalia saa zilizoandikwa chini: zikiwa za UTC, saa sita yetu ya mchana itaonekana kama 10:00, kwa kuwa Lubumbashi iko saa 2 mbele. Nimeona watu wakitupa ushahidi mzuri kwa kudhani grafu ni ya wakati mwingine.

Ikiwa `st` iko karibu na sifuri na badala yake `wa`, muda wa kusubiri diski, ndiyo kubwa, basi nimekosea, na tatizo ni diski au kumbukumbu iliyojaa. Diski za aina ya gp2 nazo zina akiba yake ya krediti inayoweza kuisha, na dawa yake ni kuhamia gp3. Lakini mpangilio wenu wa siku unafuata hesabu ya prosesa kwa karibu mno, nami ningeweka mkono wangu hapo.

Tuje kwenye la kufanya. Njia ya haraka kabisa ni kuiweka mashine kwenye hali ya `unlimited`, ambayo inairuhusu kuendelea hata krediti zikiisha, na ziada inalipwa kwa fedha. Haihitaji kuzima chochote:

```
aws ec2 modify-instance-credit-specification \
  --instance-credit-specification \
  "InstanceId=NAMBA_YA_MASHINE,CpuCredits=unlimited"
```

Watu wanaliogopa neno hilo kwa sababu ya bili, basi tulihesabu. Kwa Linux kwenye T2 na T3, ziada ni dola 0.05 kwa prosesa moja kwa saa. Seva inakopa kwanza krediti za baadaye, mpaka 288, na unalipishwa kinachozidi hapo. Kwa mzigo wenu, Jumatatu na Jumanne hamlipi kitu, Jumatano mnalipa kidogo, Alhamisi na Ijumaa krediti 174 kila siku, na wikendi deni linajilipa lenyewe. Kwa wiki inafika kama krediti 440, saa 7 na kitu za prosesa. Hiyo haifiki dola 2 kwa mwezi. Hatari iko kwingine: programu ikipatwa na kichaa na kushika prosesa kwa 100% siku 30, ziada inakaribia dola 29, na hakuna kitakachoganda kukuonya. Ndiyo maana hali hii haiendi bila onyo la bili.

Njia ninayoipendelea kwenu ni kuhamia t3.small, kizazi cha mwaka 2018. Kumbukumbu ni ileile, giga 2, lakini ina prosesa mbili, kila moja na msingi wa 20%, kwa hiyo inapokea krediti 24 kwa saa na batri yake inabeba 576. Na bei yake iko chini kidogo ya t2.small: katika kituo cha Virginia Kaskazini ni dola 0.0208 kwa saa dhidi ya 0.023. Rudia hesabu. Mchana mnatumia 42, zinaingia 24, mnapoteza 18 kwa saa, jumla 180 kwa siku ya kazi. Usiku mnaongeza 21 kwa saa, jumla 294. Usiku mmoja unarudisha zaidi ya mchana ulichokula. Kwa mzigo wa leo hamtaganda tena, na hamkuongeza hata faranga moja.

Hapo pia kuna mitego mitatu. T3 inatumia viendeshi vya mtandao na diski ambavyo picha za zamani za Linux huenda hazina, vinaitwa ENA na NVMe. Majina ya diski yanabadilika, basi kama `/etc/fstab`, faili yenye orodha ya diski za kufungua mashine inapoamka, imeandika `/dev/xvdf` au jina kama hilo, weka UUID, namba ya diski isiyobadilika, badala yake kabla ya kuhama, la sivyo mashine inaweza isiamke. Na ukizima mashine isiyo na Elastic IP, yaani anwani ya kudumu, itarudi na anwani nyingine na wafanyakazi hawataiona. Piga snapshot kwanza, yaani nakala ya diski nzima. Fanya Ijumaa jioni, si Jumanne asubuhi, kwa sababu T3 kwenye hali ya `standard`, ile isiyo `unlimited`, haipewi zile krediti 30 za kuanzia. Inaanza na sifuri, na wikendi itaijaza.

Kuna watakaokushauri ununue mashine kubwa isiyo na krediti, kwa mfano m5.large. Ni mashine nzuri, lakini Virginia inauzwa dola 0.096 kwa saa, kama 70 kwa mwezi. Ningekuambia uinunue kama wastani wenu wa saa 24 ungekuwa juu ya 40% ya prosesa moja mfululizo. Wenu ni krediti 462 kwa siku nzima, yaani 32% ya prosesa moja. Hamjafika huko. Vilevile, kupunguza kipaumbele cha programu kwa `nice` hakutaokoa krediti hata moja. Kunabadilisha nani atangulie kwenye foleni, lakini dakika za prosesa ni zilezile.

Mahali ambapo barua hii haitoshi ni kama `CPUCreditBalance` haipandi usiku wakati ofisi imefungwa. Hapo kuna kitu kinachotumia prosesa bila ninyi kujua. `top` ikikuonyesha saa 8 ya usiku programu ambayo hakuna aliyeiweka, usiifute mwenyewe. Seva nyingi zilizoingiliwa hutumiwa kuchimba sarafu za mtandaoni, na anayefuta faili moja huacha mlango wazi. Tafuta mtu wa seva mkae naye kwenye mashine moja. Vilevile kama hakuna kati yenu aliyewahi kurudisha snapshot na kuithibitisha, mwombe awe pembeni yako Ijumaa hiyo ya kuhama. Faili za forodha za wateja hazirudishwi kwa kukisia.

Mkishahama, Jumanne saa sita mchana fungua tena `CPUCreditBalance`. Kwa hesabu yangu itakuwa karibu na 500, na jioni karibu na 400. Ikiwa saa sita umekuta 300 au chini yake, mzigo wenu ni mkubwa kuliko nilivyokisia, na hapo niandikie tena ukiwa na grafu ya wiki nzima.